Kugawana gharama za mtoto kati ya nyumba mbili kwa kadiri ya kipato: hesabu inavyofanywa

*“Baba ya binti yangu anafanya kazi katika kampuni ya mgodi Kolwezi, mimi nauza viatu na nguo za watoto kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi. Tumeachana, na binti wa miaka 10 anakaa kwangu. Yeye anapata dola 900 kwa mwezi, mimi kwa wastani 300. Anataka kila kitu chenye risiti tugawe nusu kwa nusu, eti ndiyo usawa. Nikimwambia tugawe kwa kadiri ya kipato, anasema ana mke mwingine na watoto wawili, basi hao waondolewe kwanza. Hesabu ya haki inafanywaje?”*

Mama, hiyo nusu kwa nusu inaonekana sawa kwa sababu inatazama risiti peke yake. Itazame kutoka upande wa mfuko. Tuchukue kwamba gharama zenye risiti za mwaka mzima ni hizi: minervali dola 450 kwa transhi tatu za 150, sare na viatu na mfuko 60, daftari na vitabu 50, basi ya shule dola 20 kwa miezi 10, yaani 200, na matibabu 140. Jumla 900. Ninyi mtaweka bei zenu, lakini njia haibadiliki. Nusu kwa nusu, kila mmoja analipa 450. Wewe unaingiza 3,600 kwa mwaka, kwa hiyo katika kila dola 100 unazozitolea jasho, 12 na nusu zinakwenda kwenye risiti hizo. Yeye anaingiza 10,800, na katika kila dola 100 zake zinatoka 4 na kitu. Mzigo wako ni mara tatu ya wake.

Kugawa kwa kadiri ya kipato kunasawazisha hapo. Mnajumlisha vipato vyote viwili, 900 na 300, mnapata 1,200. Sehemu yake ni 900 ÷ 1,200, yaani asilimia 75, na yako ni asilimia 25. Kwenye zile 900 za mwaka, yeye anatoa 675 na wewe 225. Sasa kila mmoja wenu anatoa dola 6 na robo katika kila dola 100 zake. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, iko upande huo huo: wazazi wanachangia malezi kila mmoja kwa uwezo wake, mtoto awe anakaa kwa nani. Lakini usitafute ndani yake jedwali la asilimia, halimo. Asilimia mnaipata ninyi kwa makubaliano, au hakimu anaikadiria baada ya kuona mahitaji ya mtoto na uwezo wa kila mmoja.

Kabla ya kugawa, lazima vipato vyenu vipimwe kwa kipimo kimoja, na ugomvi mwingi unazaliwa hapa. Kwa mtu wa mshahara, chukua kile kinachobaki kwenye buletini baada ya mchango wa hifadhi ya jamii wa CNSS na kodi ya mshahara ya IPR, basi. Yanayokatwa baada ya hapo, yaani avansi aliyochukua kazini, mkopo wa pikipiki, likelemba ya wafanyakazi wenzake, hayapunguzi kipato. Hizo ni fedha ambazo ameshaamua azitumie vipi. Ukikubali yapunguze, mwezi anaokopa zaidi mtoto wake anapata kidogo zaidi. Omba buletini za miezi 12, si moja. Migodini kuna saa za ziada, kuna bonasi, kuna mwezi wa kumi na tatu. Buletini moja ya mwezi mbaya au mzuri inapotosha. Jumlisha zote, gawa kwa 12. Kama kuna mstari wa posho ya familia uliowekwa kwa ajili ya binti yenu, mimi ningeiondoa kwenye kipato na kutaka ifike kwa mtoto nzima. Kosa ni kuihesabu mara mbili au kuisahau kabisa.

Kwa upande wako, kipato si mauzo. Ni faida baada ya kutoa bei ya mzigo, usafiri wake kama ni kutoka Kasumbalesa au kwingine, ushuru wa soko na kodi ya meza. Ukiwa na kijitabu cha kila siku, vizuri sana. Kama huna, kuna njia inayofanya kazi kwa wauzaji wengi: kila unapokwenda kununua mzigo mpya, andika fedha ulizonazo mkononi, toa zile zinazorudi kwenye mzigo wa kiasi kile kile cha mwanzo na gharama za safari, ongeza zile ulizokuwa umeshazitoa kwa matumizi ya nyumba. Kinachopatikana ni faida ya kipindi hicho. Usichukue Agosti na Desemba peke yake, maana kwa viatu na nguo za watoto hiyo ndiyo miezi ya neema; wala usichukue Februari peke yake. Miezi 12 hapa pia. Na ukumbuke kwamba baba ya mtoto atauliza maswali juu ya kijitabu chako kama wewe unavyouliza juu ya buletini yake. Hiyo ni haki yake. Njia rahisi ya kujibu ni kuonyesha matumizi ya nyumba yako: kodi, chakula, makala, shule. Kama kijitabu kinasema dola 150 na nyumba inakula 280 kila mwezi bila deni, kijitabu kina kasoro.

Sasa tufike kwa watoto wawili wa nyumba ya pili. Hoja yake si ya kutupwa. Watoto hao ni wake, anawajibika kwao kama anavyowajibika kwa binti yenu. Sheria haiwapangi watoto kwa mke wa kwanza na wa pili, wala kwa waliozaliwa ndani au nje ya ndoa wakiisha kutambuliwa. Lakini usawa huo huo unaweka mpaka: bei ya kila mtoto iwe moja. Asimkatie mtoto wa nyumba ya pili kiasi kikubwa kuliko anachotoa kwa huyu wa kwako.

Fanya hivi. Tutaona chini kwamba kwa binti yenu yeye atatoa karibu dola 56 kwa mwezi za risiti na karibu 45 za chakula na makazi, jumla kama dola 100. Basi aondoe dola 100 kwa kila mtoto anayekaa kwake: 900 kutoa 200 inabaki 700. Weka 700 kwa 300: jumla 1,000, asilimia 70 kwake na 30 kwako. Kwenye gharama za mwaka, sehemu yake inashuka kutoka 675 hadi 630. Tofauti ni dola 45 kwa mwaka mzima, haifiki dola 4 kwa mwezi. Wazazi wanaacha kusalimiana kwa ajili ya jambo hili bila kupiga hesabu yake hata mara moja.

Ushauri wangu ni ukubali 70 kwa 30, ila kwa sharti kwamba kanuni ya “bei moja kwa kila mtoto” iandikwe. Usipoiandika, mwakani ataleta 250 kwa kila mtoto, atabakiwa na 400, na ghafla mgawo ni 57 kwa 43. Mmerudi karibu na nusu kwa nusu kwa njia ya nyuma. Kanuni hiyo inakuhusu na wewe ukizaa tena. Watoto wa ndugu anaowasomesha ni wema, na kwetu hakuna anayeukataa, lakini gharama zao hazipunguzi kipato chake katika hesabu hii isipokuwa mkubaliane ninyi wawili. Ukianza pia kuzungusha hesabu (asilimia imeshuka, basi na zile 100 zishuke, basi asilimia ipande) hutamaliza. Funga kwenye 100.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo linakugusa kuliko asilimia. Yeye anasema “kila kitu chenye risiti”. Mtoto anakaa kwako, na sehemu kubwa ya maisha ya mtoto haina risiti: unga wa bukari, mboga, samaki, mafuta, makala, maji, sabuni, teksibisi ya ghafla, chumba anacholala. Mkigawa risiti tu, hata kwa asilimia nzuri kabisa, hayo yote yanabaki kwako asilimia mia. Wengi wanafurahia 70 kwa 30 na mwisho wa mwaka bado wana deni dukani, bila kuelewa fedha zilitoroka wapi.

Usijaribu kuyatafutia hayo risiti. Hakuna mama wa sombe atakayekuandikia karatasi, na kila fungu likiwa na mjadala wake hamtalala. Yapimeni mara moja, yawe kiasi maalumu cha kila mwezi. Kwa wiki mbili andika chakula chote cha nyumba, zidisha upate mwezi, gawa kwa idadi ya watu wanaokula. Tuseme mtoto anapata 35. Makala, maji, umeme na sabuni, sehemu yake 10. Kodi ya nyumba, sehemu yake 15. Jumla 60 kwa mwezi. Asilimia 75 ya 60 ni zile 45 nilizozitaja. Kwa asilimia 70 ni 42. Hizo dola 42 zinakuja tarehe moja ya kila mwezi, bila risiti na bila maswali. Likizo kubwa mtoto akienda Kolwezi mwezi mzima, sehemu ya chakula isimame mwezi huo, ya kodi iendelee, kwa sababu mwenye nyumba hapunguzi.

Akileta mfuko wa unga au samaki, mshukuru, lakini mkubaliane mapema unaingia wapi. Unaingia kwenye hizo 42 za chakula na makazi, kwa bei ya siku hiyo, na aulize kwanza kama unahitajika. Hauingii kwenye minervali. Mfuko wa unga haulipi transhi ya pili, na shule haimruhusu mtoto kukaa darasani kwa unga.

Sasa zile za risiti. Karatasi inayofaa ina jina la mtoto au la kitu, tarehe, kiasi, fedha iliyotumika (dola au franka) na muhuri au sahihi. Minervali ni rahisi, bodero ya benki au risiti ya shule inatosha. Kwa dawa, weka pamoja karatasi ya daktari na risiti ya famasi; moja bila nyingine inaleta maneno. Kwa sare iliyoshonwa, fundi aandike kwa mkono na aweke namba yake ya simu. Risiti za mashine zinafifia kwa miezi michache, hasa zikikaa kwenye joto, kwa hiyo piga picha siku ile ile na umtumie mwenzako siku ile ile. Risiti kumi zinazofika pamoja Juni zinaonekana kama shambulio hata kama zote ni za kweli.

Wekeni mipaka miwili. Cha chini: chini ya dola 5 hakiingii, kinamezwa na yule aliyelipa. Cha juu: zaidi ya dola 50, tofauti na shule iliyokubaliwa, mwenzako ajulishwe kwanza na ajibu ndani ya siku tatu. Ugonjwa wa ghafla hauna mpaka huo. Mtoto mwenye homa anapelekwa hospitali, ujumbe unafuata. Lakini kuhamishia mtoto shule ya dola 900 bila kumuuliza mwenzako, kisha kumpelekea asilimia 70, hapana. Anayeamua peke yake anabeba peke yake ile tofauti.

Kwenye matibabu, kabla ya kugawa chochote, uliza kama binti ameandikishwa kazini kwa baba yake. Sheria ya kazi ya Kongo inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake, na kampuni nyingi za migodi zina hospitali yao au zina mkataba na hospitali, hata hapa Lubumbashi. Mara nyingi mtoto wa nyumba ya kwanza hayumo kwenye orodha kwa sababu moja tu: hakuna aliyepeleka cheti cha kuzaliwa kwenye ofisi ya wafanyakazi. Nakala ya cheti, picha, na sahihi ya baba vinaweza kuondoa sehemu kubwa ya zile 140 kwenye mifuko yenu yote miwili. Kinachogawiwa kwa asilimia ni kile tu ambacho kampuni haikulipa.

Mwisho wa kila mwezi mnafunga hesabu mara moja, si kwa kila risiti. Chukua Septemba, tukiacha nauli ya basi ili hesabu iwe fupi. Wewe umelipa sare 60 na vitabu 50, jumla 110. Yeye amelipa transhi ya kwanza, 150. Jumla ya risiti hizo ni 260. Sehemu yake ni asilimia 70 ya 260, yaani 182. Ametoa 150, basi anakudai nini? Hakudai kitu; yeye anadaiwa 32. Hakikisha kwa upande wa pili: sehemu yako ni 78, umetoa 110, umezidisha 32. Namba mbili zikilingana hesabu iko sawa, zisipolingana kuna risiti mmoja wenu hana.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni la baba: “Nimeshalipa shule, basi nimemaliza.” Shule aliyolipa inahesabiwa yote, haipotei, lakini haifungi mwezi. La pili ni la mama: anachukua asilimia 70 ya risiti zake 110, anadai 77, na kusahau kwamba na yeye anadaiwa asilimia 30 ya ile transhi ya 150, yaani 45. 77 kutoa 45 ni 32 ile ile.

Kuhusu dola na franka: kila gharama iandikwe kwa fedha iliyolipiwa, na igeuzwe kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kongo cha siku ya malipo. Si cha siku ya kufunga hesabu, maana kiwango kinapanda na kushuka, na anayechelewesha asipate faida kwa kuchelewa. Na mkitumiana kwa M-Pesa au Airtel Money, anayetuma aongeze gharama ya kutolea. Dola 32 zikifika kwako 31 kila mwezi, baada ya miezi kumi umelipia safari ya fedha za mtoto mwenyewe.

Asilimia ikishafungwa ikae mwaka mzima, na muda mzuri wa kuifungua tena ni Agosti, kabla ya shule. Ifunguliwe katikati ya mwaka kwa jambo zito tu: kazi imekwisha, soko limeungua, kipato cha mmoja kimebadilika kwa zaidi ya moja ya tano. Mkataba wake wa mgodi ukikatika Machi, asilimia mpya inaanza Aprili; haigusi risiti za Januari. Na asiye na kipato kabisa haimaanishi sifuri milele. Wekeni kiasi kidogo cha chini, hata dola 15, ili uzi usikatike.

Njia hii ina mipaka yake. Inafaa pale ambapo kila mmoja anaonyesha kipato chake na watu wanaweza kuzungumza, hata kwa ubaridi. Haifai kama anaficha buletini, kama kuna vitisho au kipigo, au kama baba hajamtambua mtoto kisheria. Hili la mwisho litengenezwe kwanza kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini, mengine yote yanasimama juu yake. Akikataa kulipa kwa miezi mitatu mfululizo, usiendelee kumwandikia ujumbe usiku. Nenda kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya baro ya mawakili hapa Lubumbashi, wakusaidie kufika mahakama ya watoto, ambayo tangu sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 ndiyo inayosikiliza mabishano ya aina hii. Hukumu ikipatikana, unaweza kuomba kiasi cha mtoto kikatwe kwenye mshahara kabla haujamfikia. Na hata mkielewana vizuri, mwandike makubaliano nakala mbili, mtie sahihi mbele ya mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande wa familia, kisha wakili awaambie jinsi ya kuyathibitisha mahakamani. Siku ya kwenda, chukua cheti cha kuzaliwa, risiti za mwaka kwa mpangilio wa tarehe, kijitabu chako cha biashara, na karatasi moja yenye hesabu ya kila mwezi kama ile ya Septemba.